Jibu: Kwa nini siku hizi magonjwa hayapewi majina ya mahali?

"Wakuu, zamani ugonjwa uliitwa kwa jina la mahali au mtu. Kwa nini wameacha?"

Mkuu, chukua homa ya Bonde la Ufa. Ilielezwa 1931, baada ya kondoo kufa na kutupa mimba kwenye shamba karibu na Naivasha, Kenya. Jina likaganda. Lakini virusi husafiri na mbu na mifugo: Misri 1977, Saudi Arabia na Yemeni 2000, na 2007 vikatupiga sana huku kwetu Dodoma. Sasa mfugaji wa Kongwa akisikia "Bonde la Ufa" anadhani ni mambo ya Wakenya, anachinja mnyama mgonjwa mikono mitupu, na damu ndiyo njia kuu ya kuambukizwa. Wa Naivasha naye ananyooshewa kidole bure.

Ndiyo maana Mei 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri majina mapya yaeleze dalili au kisababishi, siyo mahali, mtu wala mnyama. Ya zamani mengi yamebaki.

Wamakonde walishatangulia, bwana. Mlipuko wa 1952 uliwaachia watu viungo vinavyouma hadi wanajikunja, na kutoka Kimakonde dunia ikapata "chikungunya", yaani kujikunja.