Mbwa anachimba chini ya uzio

"Dume langu linachimba chini ya uzio wa waya na kukimbilia barabarani. Jana limekoswakoswa na bodaboda. Nifanyeje?"

Pole sana ndugu. Usihangaike kuongeza urefu wa uzio, maana huyo anapita chini. Kufukia shimo pekee pia hakusaidii. Wangu alihamia hatua mbili pembeni, udongo mbichi ukiwa bado puani.

Nunua wavu mgumu wa waya, upana wa sentimita 60. Ulaze chini upande wa ndani, ukingo mmoja uufunge kwenye uzio kwa waya wa kufungia kila baada ya sentimita 15, kisha funika kwa udongo na mawe. Mbwa huanza kuchimba pale pale uzio unapogusa ardhi, hivyo kucha zitakutana na wavu mapema. Fundi akiuacha wazi pale unapoungana na uzio, mbwa atapenya hapo hapo.

Getini wavu haufai. Chimba mtaro wa sentimita 30, mwaga zege, nafasi chini ya geti isizidi vidole viwili. Wakati zege linakauka, mfungie mbwa ndani mpaka kazi iishe. Na mpeleke akahasiwe. Dume akinusa jike lenye joto hutafuta hata upenyo mwingine.