Africa Twin kwenye mvua: mode ipi, na T ngapi?

"Wakuu, nina Africa Twin 1100 ya 2020, ya gia za mguu. Haina mode ya mvua. Mlima Kitonga ukiwa umelowa niweke GRAVEL? Naona ndiyo pole kuliko zote. Na T, ule mfumo wa kuzuia tairi la nyuma lisizunguke ovyo, iwe ngapi?"

Mkuu, GRAVEL iache. Ni kweli nguvu yake inakuja taratibu, P, yaani kiwango cha nguvu, iko 4, lakini ABS yake ni ya changarawe: inaruhusu tairi iteleze zaidi kabla ya kuachia breki. Kwenye lami unataka ABS ya ON ROAD.

Mvua ikikukuta njiani, URBAN inatosha, pandisha T tu. Mimi nina USER 1 niliyoipanga pikipiki ikiwa imesimama: P 4, T 6, EB, yaani breki ya injini, 2, na ABS ON ROAD. Namba zisikuchanganye. P 1 ndiyo kali na 4 ndiyo pole, ila T huenda kinyume: 1 inachelewa kuingilia, 7 inawahi kuliko zote.

Kupanda Kitonga, T ndiyo inayofanya kazi. Unatoka kwenye kona nyuma ya semi, lami ina dizeli na vumbi lililolowa, unavuta mafuta. Tairi la nyuma likianza kuzunguka haraka kuliko la mbele, mfumo unapunguza nguvu, taa ya T inapepesa na injini inasitasita. Sipendi 7 hapo, kwa sababu inakata nguvu hata kwa utelezi mdogo, na ukiwa pembeni ya semi hutaki nguvu ipotee. Taa ikipepesa pikipiki ikiwa wima na mafuta umevuta kidogo tu, barabara ni mbaya kweli. Panda gia moja, na ku-ovateki sahau kwa sasa.

Kushuka ni habari nyingine, na hapa ndipo wengi wanapoiamini T kupita kiasi. T inapunguza nguvu ya injini, basi. Ukishusha gia mbili kwa pupa ukaachia klachi ghafla, tairi la nyuma linaweza kuteleza bila mafuta yoyote, na T haina cha kupunguza. Hiyo ni kazi ya EB. Kwenye 1 injini inashika sana, kwenye 3 inashika kidogo mno na unabaki kuegemea breki mteremko mzima. Ndiyo maana nakaa 2, nashusha gia moja moja kabla ya kona, klachi naiachia polepole.

Tairi la mbele likiteleza kwenye mchoro wa rangi au dimbwi, hakuna namba ya T itakayolirudisha. Halafu angalia saizi za tairi zako: mfumo unalinganisha mwendo wa magurudumu mawili, kwa hiyo ukifunga saizi tofauti na iliyopendekezwa, T inaweza kuingilia bila sababu au kuchelewa. Na zile za kashata kubwa za porini hushika vibaya kwenye lami iliyolowa, T iwe 1 au 7.