Punguza faili la rekodi ya skrini, usiguse maandishi

Swali linalorudi kila mara kwa wanaorekodi masomo ya kompyuta: nimepunguza video, faili limekuwa dogo, lakini maandishi yamekuwa ukungu. Nifanyeje? Karibu wote wamefanya jambo lilelile. Wameshusha ukubwa wa picha kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Acheni kabisa. Herufi kwenye skrini zina mistari yenye unene wa pikseli moja au mbili, na ukiibana picha hadi theluthi mbili, mstari wa pikseli moja hauna pa kukaa. Unagawanywa kati ya pikseli jirani, unageuka kijivu, na hakuna programu itakayourudisha.

Tuchukue rekodi ya dakika 20, fremu 30 kwa sekunde, iliyorekodiwa kwa kiwango kisichobadilika cha kilobiti 6000 kwa sekunde. Hiyo ni takriban megabaiti 900, na sehemu kubwa ni hasara tupu, maana skrini iliyotulia hulipiwa sawa na skrini inayosogea. Dawa ni kuiambia kodeki, yaani kibanaji cha video, ubora unaoutaka, kisha yenyewe iamue itumie biti ngapi. Kwenye ffmpeg, programu ya kubana video kwa amri za maandishi, kazi hiyo hufanywa na `-crf`:

```
ffmpeg -i somo.mp4 -vf fps=10 \
 -c:v libx264 -preset slow -crf 21 \
 -g 300 -pix_fmt yuv420p \
 -c:a aac -ac 1 -b:a 64k \
 -movflags +faststart ndogo.mp4
```

Namba ya `-crf` ikiwa ndogo, ubora hupanda. Chaguo-msingi ni 23. Kwa maandishi madogo anzia 21, na ukiona madoa kama vumbi kandokando ya herufi, shuka hadi 18. Kwa skrini iliyotulia tofauti ya uzito mara nyingi huvumilika, kwa hiyo usiwe bahili hapa.

Wengi hudhani `fps=10`, yaani fremu 10 kwa sekunde, ndiyo inayookoa kila kitu. Si kweli. Fremu inayofanana na iliyotangulia haigharimu karibu chochote. Kodeki huandika tu kwamba hakuna kilichobadilika. Faida huonekana pale unaposogeza ukurasa au kuburuta dirisha. Ukiwa unasogeza msimbo mara kwa mara, weka 15, la sivyo mtazamaji ataona ukurasa ukiruka.

Mahali ambapo uzito hujificha ni kwenye fremu kuu, zile zinazohifadhi picha nzima bila kutegemea nyingine. Programu nyingi za kurekodi zikiachwa kwenye mipangilio ya matangazo ya moja kwa moja huweka moja kila sekunde 2. Kwa dakika 20 hizo ni 600. Tuseme kila moja ina kilobaiti 150: tayari ni megabaiti 90, hata kama skrini haikutikisika. `-g 300` kwa fremu 10 kwa sekunde huruhusu pengo la hadi sekunde 30, yaani 40 hivi, megabaiti 6. Dirisha jipya likifunguka ghafla, kodeki huongeza fremu kuu yenyewe, kwa hiyo zitazidi kidogo. Gharama yake ni kwamba mtazamaji akirukia katikati ya video, kichezaji huchelewa kidogo. Dalili ya fremu kuu nyingi zenye biti chache ni rahisi kuitambua: maandishi hupumua, yanafifia na kukolea kwa mpigo uleule.

Sauti nayo ihesabiwe. Mtu mmoja anayeongea hahitaji chaneli mbili. Kwa kilobiti 64, dakika 20 ni megabaiti 9.6, na usishangae ikikaribia au kuzidi uzito wa picha.

Kuna kasoro moja ambayo `-crf` haiponyi: maandishi mekundu juu ya bluu yanayovuja rangi. Sababu ni `yuv420p`, inayohifadhi mwanga wa kila pikseli lakini rangi moja tu kwa kila pikseli nne. Nyeusi juu ya nyeupe haidhuriki, kwa kuwa tofauti yake iko kwenye mwanga. Ukirekodi kwa `yuv444p` tangu mwanzo na kuiandika hapa pia, rangi hunyooka, ila simu nyingi na baadhi ya vivinjari vitagoma kuicheza. Kwa video ya kugawia watu, badilisha rangi za kihariri chako kabla ya kurekodi.

Usihukumu kwa kutazama video ikicheza. Toa fremu ileile kutoka mafaili yote mawili, mahali ambapo skrini imetulia:

```
ffmpeg -ss 312 -i somo.mp4 -frames:v 1 a.png
ffmpeg -ss 312 -i ndogo.mp4 -frames:v 1 b.png
```

Zifungue kwa asilimia 100, utazame matundu ya herufi e na a. Yakiwa yameziba kwenye `b.png` pekee, shusha `-crf`. Yakiwa yameziba hata kwenye `a.png`, ubora ulipotea wakati wa kurekodi, na hapo hakuna njia ila kurekodi upya.