Kabla Hamjatamani Kuhariri Kiinitete

Juma lililopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba yeye na mumewe wote ni AS, yaani kila mmoja amebeba nakala moja ya jeni ya selimundu bila kuugua, akauliza kama wasubiri sayansi iwafutie selimundu kwenye kiinitete, ili hata wajukuu wasiirithi. Nilimjibu kwa kirefu, kwa kuwa swali hilo liliwahi kuwa langu.

Mwanangu alikuwa na miezi minane vidole vyake vilipovimba vyote kwa pamoja, nami nikavikanda kwa maji ya vuguvugu nikidhani ameumwa na mdudu. Siku ya majibu ya kipimo cha selimundu, daktari alituambia mbele ya wagonjwa wengine kwamba tulipaswa kupima kabla ya kuoana. Maneno yale hayajanitoka mpaka leo. Usiku huo nilitamani mtu angeliirekebisha mapema ile herufi moja ya jeni, pale ambapo A imegeuka T.

Dada yangu, anzeni na hesabu. Wazazi wote wakiwa AS, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuwa SS, yaani mtoto mwenye ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo mimba ikitungwa maabara, wataalamu huchukua chembe chache za kila kiinitete siku ya tano, wakazipima, kisha wakapandikiza kisicho SS bila kuhariri chochote. Wanaokosa njia hiyo ni wazazi wawili ambao wote ni SS, nao ni wachache.

Uhariri wenyewe una kasoro ambayo kipimo hicho hakiwezi kuiona yote. CRISPR, chombo cha kuhariri jeni, hukata DNA, lakini chembe huziba jeraha kwa namna yake, na pengine kipande kikubwa hupotea. Ukataji ukiendelea baada ya yai kugawanyika, chembe jirani hutofautiana. Zile zilizopimwa, ambazo hutoka sehemu itakayokuwa kondo, hazithibitishi hali ya zile zitakazokuwa mtoto. Mwaka 2018, He Jiankui, mwanasayansi wa Shenzhen, China, alitangaza kuzaliwa kwa mapacha aliohariri jeni yao ya CCR5 ili VVU isiwapate. Mabadiliko yaliyotokea hayakuwa yale ya asili yanayofahamika kumkinga mtu na VVU, na pacha mmoja alibaki na nakala moja ya jeni hiyo isiyobadilika. Baba ndiye aliyekuwa na VVU, na kusafisha manii kungetosha kuwakinga.

Mimi nasema mzazi hana haki ya kuwaandikia wajukuu jambo asiloweza kulikagua wala kulifuta. Tukumbuke pia kwamba AS humpunguzia mtu hatari ya malaria kali, nasi tunaishi na mbu.

Tiba ya selimundu iliyoidhinishwa Uingereza mwaka 2023 kwa wenye miaka 12 na zaidi huhariri chembe za uboho za mgonjwa mwenyewe, na haimfikii mtoto wake. Mwanangu sasa ana miaka 13. Nilipomweleza, aliuliza kama inauma, na kama ataweza kuzaa, kwa sababu dawa za kuandaa uboho huweza kuharibu uzazi. Bado anafikiri, nami namsubiri.