Kitambulisho changu kinaajiri watu kambi ya wakimbizi ya Bidibidi, Uganda, mimi mwenyewe sina habari

Alhamisi iliyopita kijana mmoja wa Koboko kaniandikia: "Dada samahani, wewe ndio afisa wa ajira wa lile shirika la Bidibidi? Hela ya fomu nilishatuma, mbona kimya?" Akaweka na picha. Jamani! Kitambulisho changu cha taifa, mbele na nyuma, na kidole gumba changu kinaonekana pembeni, kimekishika. Ile picha niliipiga mwenyewe 2022, kitandani kwa mama, Arua.

Basi niwaeleze, maana nilikuwa nimeficha kwa aibu.

Nilikuwa nimemaliza diploma, niko nyumbani namsaidia mama kuuza karanga, na wewe unayesoma hapa unajua hali hiyo, kila simu ikilia unadhani ni kazi. Tangazo likaingia kwenye grupu: mtunza stoo, Yumbe, mshahara milioni 2, uzoefu si lazima. Nembo ya shirika ilikuwa ya kweli kabisa, nembo mtu anaitoa tu mtandaoni. Nikatuma barua, kesho yake asubuhi mwanaume mwenye sauti ya upole kapiga, "Hongera, umechaguliwa." Intavyuu hakuna. Ila nitume 85,000 ya medikali kabla ya saa kumi, la sivyo nafasi inaenda kwa mwingine.

Hapa ndipo huwa najichukia. Nilipoandika namba yake na kiasi, kabla sijaweka namba ya siri, simu ikanionyesha jina la mwenye laini, jina la mwanamke. Wala halikuwa la shirika. Nikaliona, nikalisoma, nikajiambia labda ni mhasibu wao. Nikabonyeza, hela ya karanga za mama ikaenda.

Baadaye akataka picha za kitambulisho, nikampa. Kisha, "Utapata meseji yenye tarakimu 6, ndiyo namba yako ya usajili, nitumie haraka." Ikaja kweli, na chini yake imeandikwa usimpe mtu yeyote. Nikampa! Zile zilikuwa tarakimu za kufungulia WhatsApp yangu kwenye simu nyingine. Dakika chache tu nikatolewa nje, na yeye akaanza kuwaandikia watu wangu kwamba nimelazwa, na mjomba Moyo akatuma 150,000. Mjomba hadi leo ananitania kila tukikutana, mimi sicheki.

WhatsApp niliirudisha kwa kusajili namba yangu upya, tarakimu mpya zikaja kwenye laini yangu, yeye akatoka. Na hapo nilikuwa na bahati, kwa sababu angewahi kuweka pini yake ya hatua mbili ningesubiri siku 7. Iweke ya kwako leo, iko kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti. Hela sasa, nilipiga 100 ya huduma kwa wateja kesho yake, nikaambiwa imeshatolewa kwa wakala. Ukituma kwa makosa piga saa hiyohiyo, hela ikiwa bado imo kwenye laini yake kuna matumaini, ikitolewa basi.

Sasa nisikilizeni. Ukiombwa hela, ingia *165# ya MTN au *185# ya Airtel kana kwamba unatuma kweli, soma jina linalotokea, halafu katisha kabla ya namba ya siri. Shirika haliwezi kuwa na laini ya mtu binafsi. Na hata likitokea jina linalofanana na la shirika, bado usitume, mwajiri hakuuzii kazi, medikali akiitaka anakupeleka mwenyewe baada ya kukuona. Nimeshasema usitume? Nasema tena. Namba ya simu iliyo kwenye tangazo usiitumie kuulizia tangazo hilohilo, atapokea yuleyule mwizi na atakuapia. Panda boda nenda ofisini kwao, mashirika mengi yanayofanya kazi kwenye makambi yana ofisi Arua au Yumbe, muulize hata askari wa getini.

Kitambulisho ndicho watu wanakidharau, wanasema hela sikutoa, nimetuma picha tu. Picha ndiyo mtaji wao! Wananitumia mimi kumtuliza kijana wa Koboko, na yeye cha kwake walishakichukua, kesho kitamtuliza mtu wa Adjumani. Barua ya maombi inatosha na sivii, kitambulisho utakionyesha siku ya intavyuu. Ukilazimika kutoa kopi, chukua kalamu uandike katikati, juu ya maandishi, kopi hii ni ya maombi ya kazi fulani, tarehe fulani. Kopi iliyochorwa hivyo inamwia mwizi vigumu kuitumia kujifanya wewe.

Yule kijana nimempeleka polisi, nikatoa maelezo na mimi, tuko kwenye faili moja. Hela yake 60,000 sijui kama ataipata tena. Ila ukitumiwa kitambulisho cha dada aliyekodoa macho kama kashtuliwa, na kidole gumba chenye hina pembeni, huyo ni mimi, na sina kazi ya kumpa mtu.