Wadogo zangu wa uashi, angalieni jointi za wima kabla hamjapanda kozi ya tatu

Kamwene wadogo zangu mnaoanza uashi. Leo naongelea kitu kimoja tu, kona ya ukuta wa inchi tisa, sababu huku kwetu Mbeya na Iringa nyumba nyingi ni tofali za kuchoma na saiti nyingi nazopita nakuta kijana mwiko anaushika vizuri, timazi anapiga, pimamaji anasoma, ila ukimuuliza kwanini hapo karibu na kona kumewekwa kipande chembamba anakwambia fundi mkuu ndo anafanyaga hivyo. Sasa siku fundi mkuu hayupo hicho kipande hakiwekwi, na ukuta mzima unaharibika kuanzia hapo.

Tofali ukiilaza ubavu mrefu ukaonekana kwa nje hiyo ni stretcha, ukiigeuza kikaonekana kichwa chake hiyo ni heda. Ukuta wa nusu tofali ni stretcha tupu, kila kozi inasogea nusu ya tofali ya chini, hapo hakuna shida. Ukuta wa inchi tisa unapanda kwa kupishanisha, kozi moja ya stretcha zikiwa mbili mbili kwa upana, ya nje na ya ndani, kozi inayofuata ni heda zinazopita kutoka uso wa nje mpaka uso wa ndani. Hiyo ndo Inglishi bondi, na ndo mnaifanya kila siku hata kama hamuiiti hivyo.

Kwanini jointi ya wima isikae juu ya jointi ya wima? Udongo wa simenti na mchanga unavumilia sana kugandamizwa ila ukiuvuta unaachia mapema. Tofali ikikalia tofali mbili za chini, mzigo wa kenchi unaoshuka juu yake unagawanyika kwa zile mbili, kozi inayofuata unaenda tatu, hivyo hivyo unatanuka mpaka msingi. Jointi zikinyooka, unakuwa umejenga nguzo zilizosimama bega kwa bega, na msingi ukititia kidogo upande mmoja nguzo moja inashuka peke yake, ufa unapita kwenye udongo moja kwa moja kuanzia chini mpaka juu. Zikipishana ufa lazima uvunje tofali au uzunguke kwa ngazi ngazi, na kila ngazi inabidi isugue chini ya uzito wa ukuta wa juu, kwahiyo unapata upinzani njia nzima.

Sasa tuje kwenye kona na tepu mkononi. Chukua tofali ya urefu sentimita 22 na upana 10.5, jointi sentimita 1. Pima kutoka ukingo wa kona mpaka katikati ya kila jointi. Kozi ya stretcha jointi zitaangukia 22.5, halafu 45.5, halafu 68.5. Juu yake anza heda bila kipande, jointi zinakuja 11, 22.5, 34, 45.5. Umeona? 22.5 juu ya 22.5, 45.5 juu ya 45.5, yaani kila jointi ya stretcha imepata jointi ya heda juu yake, na kozi zikiendelea kupishana hivyo ufa umeshautengenezea barabara wewe mwenyewe.

Dawa yake ni kile kipande, mafundi wanaita kwini kloza. Ni tofali iliyopasuliwa kwa urefu, upana wake unabaki kama 4.75. Weka heda ya kona kwanza, kisha kloza, kisha heda ziendelee. Jointi sasa zinakaa 11, 16.75, 28.25, 39.75, 51.25. Linganisha na 22.5 na 45.5 za chini, kila upande imebaki tofauti ya 5.75, ambayo ndo robo ya tofali na jointi yake, na robo ndo kiwango cha chini mnachotakiwa kupata. Kloza isikae kwenye kona kabisa, kipande chembamba pale ukingoni kinabanduka hata kwa kugongwa na toroli.

Tatizo la tofali zetu nyingi ni kwamba kuzipasua kwa urefu ni shughuli, hasa zilizokuwa pembeni ya tanuri ambazo hazijaiva vizuri, unapiga tindo mara mbili inakuwa kokoto. Kama hali ndo hiyo acha kloza, badala yake anza kozi ya stretcha na robotatu, yaani tofali iliyokatwa kwa upana ikabaki sentimita 16.25, zikae mbili, ya nje na ya ndani. Jointi ya kwanza ya stretcha inahamia 16.75 na inayofuata 39.75, heda zinabaki 11, 22.5, 34, 45.5, na tofauti ni ile ile 5.75. Mimi kwa tofali za huku napendelea hii.

Ila kabla ya yote pima tofali yenyewe, sababu tofali za kufyatua kwa mkono kila mtu ana kibao chake. Upana mara mbili jumlisha jointi moja lazima utoe urefu. Kwa 10.5 ni 21 na 1, unapata 22, safi. Ukiletewa tofali ya urefu 24 na upana 10, stretcha mbili zinabeba 20, katikati linabaki pengo la sentimita 4, na hapo ndipo wengi wanajaza vipande na udongo au wanaacha wazi kabisa. Tofali za hivyo zikatae mapema, zikiwa bado kwenye gari.

Kuna stoo ya viazi maeneo ya Uyole mwenyewe aliniita niiangalie, ukuta umetoa tumbo kwa nje. Kwa nje bondi ilikuwa nzuri kabisa, kozi ya heda, kozi ya stretcha. Nikaingia ndani, hakuna kichwa hata kimoja, stretcha tupu kutoka chini mpaka juu. Nikagonga na nyundo uso wa nje ukalia tupu. Zile heda zilikuwa nusu tofali zimewekwa kwa muonekano tu, kwahiyo zilikuwa kuta mbili nyembamba zimeegemeana, na magunia yaliyopangwa yameusukuma wa ndani nao ukausukuma wa nje. Ugumu wa ukuta kupinda unapanda mara nane unene ukiongezeka mara mbili, ndo maana kuta mbili zisizoshikana zinakupa robo tu ya ugumu wa ukuta mmoja wa inchi tisa, wakati tofali na hela ni karibu sawa. Na sisi tupo bonde la ufa aisee, kule Rukwa mwaka 1910 lilipiga tetemeko kubwa sana, na ardhi ikitikisika ukuta unasukumwa upande kwa upande, heda nzima ndo inayoshika nyuso mbili pamoja. Ukisimamia saiti hesabu vichwa pande zote mbili za kozi ile ile, lazima vilingane.

Bondi nzuri haiokoi msingi mbovu, wala haisaidii kama jointi za wima umeziacha tupu, paka udongo kichwa cha tofali kabla hujaisukuma mahali pake, na tofali zilowekwe kwanza maana kavu inanyonya maji yote.

Siku ya kuanza, panga kozi mbili za kwanza kavu juu ya msingi bila udongo, kona zote na sehemu za milango, afu pita na tepu jointi kwa jointi. Popote utakapopata chini ya sentimita 5 kati ya jointi ya chini na ya juu, panga upya hapo hapo, simenti isichanganywe kwanza.