Kuchelewesha kazi siku tatu

"Kazi ya kwanza nilipata 70. Ya pili nimepata 64 lakini nimechelewa siku tatu, wanakata 5 kwa siku. Wastani umeshuka hadi 59.5. Bado nitafika 60?"

Unaweza kufika, dadangu. Wastani huo unakutisha bure kwa sababu umehesabu kazi mbili tu.

Nachukulia kila kazi ni asilimia 10, ziko tatu, na mtihani 70. Kazi ya kwanza 70 imekupa alama 7. Ya pili imekatwa 15, imebaki 49, yaani 4.9. Jumla 11.9. Kufika 60 unahitaji 48.1 katika 80 zilizobaki, yaani wastani wa 60.1. Bila adhabu ungehitaji 58.25. Wastani umeanguka 7.5, lakini mzigo wa mbele umepanda chini ya 2.

Kabla hujalala, soma tena mwongozo wa somo. Mimi hili nililijua nimekaa Mwembe Tayari na chai yangu, muhula umeshakwisha: "5 kwa siku" yaweza kuwa asilimia 5 ya alama uliyopata. Hapo unakatwa 9.6, unabaki na 54.4. Ukiona 49 na mwongozo unasema hivyo, mwandikie mwalimu.